Dodoso limerudi nusu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majibu yasiyokamilika

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wadodosaji, wasimamizi wao na wanafunzi wanaoandika tasnifu. Ili tusiruke huku na huku, mfano ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: uchunguzi wa wakulima wa mwani 120 katika shehia za pwani upande wa Micheweni, Pemba. Tarakimu za mfano huu nimezitunga kwa ajili ya kupigia hesabu tu, usizinukuu kama matokeo ya mtu. Mambo yanayotokea ndani yake, hayo si ya kutunga.

Dodoso nusu ni lipi hasa?

Ni dodoso ambalo mhojiwa alikubali, akaanza, akajibu sehemu, halafu sehemu nyingine ikabaki wazi. Kuna aina mbili na zisichanganywe. Ya kwanza ni ya aliyekatiza: alijibu ukurasa wa kwanza na wa pili, akaondoka, na kila kilichofuata ni kitupu. Ya pili ni ya aliyefika mwisho lakini kaacha matundu njiani, swali hili kalijibu na hili kaliruka. Ukifungua jedwali utaziona kwa macho: ya kwanza ni mstari uliokatwa kama kwa kisu, ya pili ni mstari uliotobolewa.

Yule aliyekataa tangu mlangoni, au ambaye hakukutwa nyumbani mara zote mlizokwenda, huyo si dodoso nusu. Hana dodoso kabisa, na anahesabiwa kwingine.

Kwa nini wakulima wa mwani? Si kila uchunguzi una matundu?

Kila uchunguzi unayo, lakini kwa mwani sababu inaonekana wazi kuliko kwingine, na ukiielewa hapa utaitambua popote.

Mwani ulianza kulimwa Zanzibar kibiashara mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi yenyewe inafuata maji. Wakati wa bamvu, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana na mashamba huwa wazi. Kwetu kina cha chini kabisa cha bamvu hupiga kiasi cha saa nne asubuhi. Mkulima anayetaka kufunga kamba zinazooteshewa mwani au kuvuna anatoka nyumbani kabla ya hapo. Wakati wa maji mafu hana safari, yupo nyumbani.

Sasa mpange mdodosaji aliyelala Chake Chake. Anafika shehiani saa mbili na nusu, anasalimiana na sheha, na saa tatu yuko kwa mhojiwa wake wa kwanza. Dodoso lina kurasa nne: ukurasa wa 1 ni watu wa nyumbani na idadi ya kamba, wa 2 ni vifaa na afya, wa 3 ni vikundi na mikopo, wa 4 ni mauzo na kipato. Wafikapo ukurasa wa 3, bibi anatazama nje: "Mwanangu, maji yashatoka, mie nakwenda. Njoo jioni." Jioni gari imesharudi Chake.

Nani huondoka hivyo? Si kila mtu. Mwenye kamba kumi na tano anaweza kusema leo nitakosa, kesho pia ni bamvu. Mwenye kamba themanini hana siku ya kukosa. Kwa hiyo tundu la ukurasa wa 4 halikuangukia watu kwa kura. Limewaangukia wenye mashamba makubwa, ambao ndio wenye mauzo makubwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kwenye jedwali la kipato msemo huu ni wa kweli neno kwa neno.

Lijazwe kiasi gani ndipo nilihesabu?

Hakuna asilimia iliyoteremka na kitabu. Jumuiya ya watafiti wa maoni ya umma ya Marekani, inayofahamika kwa ufupisho AAPOR, katika miongozo yake inatoa mfano ambao wengi huutumia: aliyejibu chini ya asilimia 50 ya maswali yanayomhusu ahesabiwe kakatiza, kati ya 50 na 80 ahesabiwe kajibu nusu, zaidi ya 80 ahesabiwe kakamilisha. Lakini huo ni mfano. Jambo ambalo si la hiari ni kwamba kipimo kiandikwe kabla ya kazi kuanza. Ukikiweka baada ya kuona majibu utakuwa unachagua majibu.

Angalia maneno "yanayomhusu", kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Chukua dodoso lenye maswali 60. Mhojiwa hana mkopo, hana kikundi, hana mtoto wa skuli, hivyo maswali 26 yanarukwa kihalali na yanayomhusu ni 34. Amejibu 27. Ukigawa kwa 60 unapata asilimia 45, unamtupa. Ukigawa kwa 34 unapata 79, ni dodoso nusu zuri. Bibi ni yule yule. Kosa hili humuumiza zaidi asiye na mengi, kwani ndiye mwenye maswali mengi yasiyomhusu.

Mimi huongeza sharti la pili: maswali matatu au manne ya lazima yatajwe kwa namba zake. Kwa mwani, idadi ya kamba ni mojawapo. Dodoso lenye asilimia 85 bila idadi ya kamba halinisaidii kama lenye asilimia 60 lenye kamba. Sababu utaiona mbele.

Kisanduku kitupu kiandikwe nini? Tunaweka 0 au tunaacha?

0 kamwe, isipokuwa mtu mwenyewe kasema sifuri. Mwani unaweza kufa kwa joto la maji, hasa aina ya kotonii, na mkulima akakwambia "msimu huu sikupata hata kilo". Hiyo ni 0 ya kweli na ni habari nzito. Ukimwekea 0 na yule aliyekimbilia maji, umewafanya watu wawili wenye hali mbili tofauti kuwa mmoja, na hakuna mchambuzi atakayeweza kuwatenganisha tena.

Kuacha kitupu nako hakutoshi, kwa sababu kitupu hakisemi kwa nini. Tunatumia alama nne: -6 halimhusu, -7 amekataa kujibu, -8 hajui, -9 hakuulizwa kwa sababu mahojiano yalikatika. Ni hasi kwa makusudi. Zamani watu walipenda 99 na 999, lakini mtu anaweza kuwa na kamba 99, na 999 ikiingia kwenye wastani hakuna atakayeishitukia. Hasi kwenye safu ya kilo inajipigia kelele yenyewe.

Tofauti ya -7 na -9 inaonekana ndogo ukiwa uwanjani, lakini ofisini ni kubwa sana. Aliyekataa kutaja kipato kwa kuwa sheha, au mumewe, amekaa kwenye baraza moja naye ana sababu yake, na aliyeitwa na bahari ana yake. Kwa hiyo ongeza safu mbili mwishoni mwa dodoso: nani mwingine alikuwepo wakati wa mahojiano, na kama yalikatika, yalikatika kwa nini. Zinajazwa kwa nusu dakika.

Si rahisi zaidi kuyatupa yote yasiyokamilika?

Rahisi ni rahisi. Hebu tuone gharama yake.

Kati ya wakulima wetu 120, wenye kamba chini ya 40 ni 70 na wenye kamba 40 au zaidi ni 50. Wote wamejibu ukurasa wa 1. Swali la mauzo ya mavuno ya mwisho limejibiwa na 63 kati ya wale 70, na 25 tu kati ya wale 50. Jumla waliojibu ni 88, waliokosekana ni 32. Waliojibu katika kundi dogo wana wastani wa shilingi 60,000, na katika kundi kubwa shilingi 150,000.

Ukitupa wale 32 unapata hivi: 63 mara 60,000 ni 3,780,000, na 25 mara 150,000 ni 3,750,000. Jumla 7,530,000, gawa kwa 88, wastani ni shilingi 85,568.

Lakini unajua kwamba shehiani hakuna watu 63 kwa 25. Kuna 70 kwa 50. Basi kila kundi lipewe ukubwa wake wa kweli: 70 mara 60,000 ni 4,200,000, na 50 mara 150,000 ni 7,500,000. Jumla 11,700,000, gawa kwa 120, unapata shilingi 97,500.

Tofauti ni karibu shilingi 12,000 kwa kila mkulima kwa mavuno mamoja, na hakuna aliyedanganya popote. Waliojibu wamesema kweli, mashine imejumlisha sawasawa. Wastani wa chini umetokana na saa ambayo gari iliondoka Chake.

Hapa ndipo utaona kwa nini idadi ya kamba ni swali la lazima. Bila ukurasa wa 1 wa wale 32 usingejua kwamba waliokosekana wengi ni wenye mashamba makubwa. Ukilitupa dodoso nusu unaitupa pia nusu iliyokuwa na ushahidi.

Nitajuaje kama matundu yangu yana mwelekeo, au yametokea tu?

Mwanatakwimu Donald Rubin aliyapanga haya mwaka 1976 katika hali tatu, na mpango huo bado ndio unaotumika. Kwa lugha ya pwani ni hivi.

Hali ya kwanza, tundu limetokea kwa nasibu tupu: kishikwambi kimeanguka majini, karatasi imelowa mvua ya masika. Hakuna uhusiano na mhojiwa. Ukiyatupa madodoso hayo unapoteza idadi tu, hupindishi kitu. (Tahadhari, betri kuisha si nasibu tupu kama wanavyodhani wasimamizi. Betri huisha mchana, na wanaohojiwa mchana ni watu wa aina fulani.)

Hali ya pili, tundu linaelezeka kwa jambo jingine ulilolipata. Wenye kamba nyingi wamekosa kujibu, lakini kamba zao unazijua. Ndani ya kundi moja la kamba, aliyejibu na asiyejibu hawatofautiani sana. Hapo hesabu ya 97,500 inafaa.

Hali ya tatu, tundu linatokana na jibu lenyewe. Mtu hakutaja kipato kwa sababu kipato chenyewe ni kikubwa na hataki watu wa baraza wajue, au ni kidogo mno anaona haya. Hapa data peke yake haiwezi kukuponya.

Namna ya kupima ni nyepesi. Wagawe wahojiwa wawili: waliojibu mauzo na wasiojibu. Walinganishe kwa yale ambayo wote wamejibu, yaani kamba, umri, shehia, jina la siri la mdodosaji, na siku ya mwezi. Katika mfano wetu waliokosekana ni asilimia 10 ya kundi dogo na asilimia 50 ya kundi kubwa. Pengo kama hilo halikuletwa na bahati. Siku ya mwezi iandike kwa kalenda ya Kiislamu pia, usicheke. Bamvu hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe za miladi hazitakuonesha kitu, lakini ukipanga matundu kwa tarehe za mwezi mwandamo utayaona yakirundikana mwanzoni mwa mwezi na katikati yake.

Kitu ambacho kipimo hiki hakiwezi kukuambia ni kama upo hali ya pili au ya tatu. Kinaweza kuikataa ya kwanza tu. Anayedai "tumethibitisha kwa jaribio la kitakwimu kwamba matundu hayana athari" amedai zaidi ya uwezo wa jaribio lolote.

Kwa nini nisijaze wastani kwenye matundu, nipate 120 kamili?

Kwa sababu utakuwa umetunga watu 32 wanaofanana kama sare ya skuli. Ukiwajazia 85,568 kila mmoja, wastani hautabadilika hata senti, na ule upungufu wa karibu 12,000 utabaki palepale. Kinachobadilika ni kwamba majibu yataonekana yamekaribiana kuliko yalivyo, na programu, ikidhani una watu 120 wa kweli, itakupa mpaka wa makosa mwembamba usiostahili. Yaani hujapata habari mpya, umepata ujasiri mpya.

Kujazia kwa wastani wa kundi, 60,000 kwa huyu na 150,000 kwa yule, kunarekebisha wastani lakini ujasiri wa uongo unabaki. Njia ambayo wachambuzi huiheshimu ni kujazia mara nyingi: kila tundu linajazwa kwa thamani inayobahatishwa kutoka kwa watu wanaofanana na mhojiwa, jedwali zima linatengenezwa mara 20 kwa mfano, kila moja linachambuliwa, na tofauti kati ya majedwali hayo inaongezwa kwenye mpaka wa makosa. Kutojua kwako kunabaki kunaonekana. Lakini hata njia hii inasimama juu ya hali ya pili. Ikiwa uko ya tatu, itakupa makosa yale yale mara 20.

Je, kama wale 25 walioondoka si kama wale 25 waliobaki?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote na huulizwa mara chache. Katika kundi la kamba nyingi tulidhani wasiojibu ni kama waliojibu. Huenda sivyo: aliyebaki barazani wakati wa bamvu, ingawa ana kamba 50, labda shamba lake halikuwa na kitu cha kuvuna siku hiyo.

Mchambuzi mwaminifu hafichi dhana yake, anaitikisa watu waone. Tuseme wasiojibu wanauza asilimia 20 zaidi, yaani 180,000. Kundi kubwa linakuwa na wastani wa 165,000 na wa wote unapanda hadi 103,750. Tuseme wanauza asilimia 20 pungufu, 120,000. Wastani wa wote unashuka hadi 91,250. Unaandika: makadirio yetu ni 97,500, na dhana hizi mbili zinayapeleka kati ya 91,250 na 103,750. Tazama kwamba hata ile ya chini ni kubwa kuliko 85,568. Hilo ni jambo la kumwambia msomaji.

Dawa bora kuliko kutikisa ni kurudi. Huna nauli ya kuwarudia wote 25? Hansen na Hurwitz waliandika tangu mwaka 1946 kwamba unaweza kuchagua sehemu ya wasiojibu kwa kura, ukawafuatilia hao kwa juhudi zote, na wakasimama badala ya wenzao. Chagua 10 kati ya 25 kwa kura, si kumi walio karibu na barabara. Nenda siku za maji mafu, baada ya alasiri. Beba swali la mauzo peke yake, na uliza juu ya mavuno yale yale ya awali, kwani mwani huvunwa baada ya takriban wiki sita na huenda sasa ana mavuno mapya. Tuseme umewapata wote kumi na wastani wao ni 170,000. Basi kundi kubwa ni nusu 150,000 na nusu 170,000, yaani 160,000, na wastani wa wote ni 101,667. Sasa si dhana tupu tena kwa kundi hilo. Wale saba wa kundi dogo bado hujawasikia, useme hivyo.

Na kwa swali la ndiyo au hapana?

Hapo una hesabu ya kifukara inayoweza kufanywa kwenye kiganja. Waliulizwa kama wamewahi kupata mkopo, 88 wakajibu, 44 wakasema ndiyo. Ripoti nyingi zitaandika asilimia 50. Wapo 32 kimya. Wote wakiwa hapana, ni 44 kati ya 120, asilimia 37. Wote wakiwa ndiyo, ni 76 kati ya 120, asilimia 63. Ukweli wa watu hawa 120 haumo nje ya mipaka hiyo, uamini usiamini dhana yoyote. Mipaka ni mipana, naam. Upana huo haukuletwa na hesabu, ulikuwepo tangu dodoso liliporudi nusu.

Programu yangu inafanya nini na matundu nisipoiambia kitu?

Kila moja ina tabia yake. `Excel` kwa `AVERAGE` huviruka visanduku vitupu kimyakimya, lakini huhesabu 0. `R` hukataa kabisa kutoa wastani mpaka uiambie `na.rm = TRUE`, na watu huandika hayo kwa mazoea bila kujiuliza wamemtoa nani. `Stata` ndiyo yenye mtego: tundu huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo ukiagiza "weka 1 kwa kila mwenye mauzo zaidi ya 200000" bila kuwatenga wasiojibu, wote 32 wanaingia kundi la matajiri.

Katika `R`, anza kwa kuangalia matundu kabla ya wastani:

```
d$mauzo[d$mauzo < 0] <- NA
tapply(is.na(d$mauzo), d$kundi, mean)
tapply(d$mauzo, d$kundi, mean, na.rm = TRUE)
```

Mstari wa pili ndio utakaokuonesha 0.10 na 0.50. Kama una wenye -6, yaani swali haliwahusu, watoe kwanza kwenye jedwali, la sivyo watahesabiwa kuwa wamekosekana.

Tukilazimisha kila swali lijibiwe kwenye kishikwambi, si tatizo limekwisha?

Limehama. Ukiweka `required` kwenye swali la mauzo bila kutoa nafasi ya "amekataa", "hajui" na "mahojiano yamekatika", mdodosaji mwenye bibi aliyekwisha inuka atafanya nini? Ama ataandika namba yoyote ili ukurasa ugeuke, ama fomu itabaki rasimu ndani ya kifaa isitumwe kamwe. Ya kwanza ni mbaya kuliko tundu. Ya pili inakufanya udhani hukukutana na mtu. Kila jioni msimamizi afungue rasimu zilizobaki kwenye vifaa, zihesabiwe kwa jina.

Na malipo. Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi uliolipa kwa dodoso kamili tu, nusu haikulipwa. Data zilirudi hazina tundu hata moja, shehia nzima, tena wakati wa bamvu. Nilipopanga muda wa kuanza na kumaliza, madodoso tisa ya mdodosaji mmoja yalikuwa yamejazwa kwa dakika sita sita baada ya saa kumi na moja jioni, na kilo zote zilikuwa 50, 100 au 150. Hatukuweza kuyatumia. Sikumlaumu sana kijana, alijibu swali ambalo mkataba wake ulimuuliza. Tangu hapo huona afadhali nusu ilipwe kama kamili, maadamu sababu ya kukatika imeandikwa.

Mtu kaondoka, lakini jirani yake anajua kila kitu. Nimalizie kwa jirani?

Hapana, wala kwa mume. Watu wa nyumba moja hukisia vizuri idadi ya kamba, hukisia vibaya pesa. Ikiwa mpango wa utafiti uliruhusu kujibiwa na mwingine, iandikwe wazi nani kajibu na kurasa zipi, na jibu hilo lichambuliwe pembeni kwanza. Ikiwa haukuruhusu, weka -9.

Vivyo hivyo ulichokiona kwa macho. Umeona magunia matatu ukumbini? Yaandike kwenye sehemu ya maoni, si kwenye kisanduku cha kilo.

Mhojiwa amekatiza na kusema "basi, sitaki tena". Nusu aliyojibu ni yangu?

Inategemea karatasi ya ridhaa mliyomsomea. Kama ilisema majibu yaliyokwisha kutolewa yatatumika hata akiacha, na akakubali, yanatumika. Kama haikusema, muulize pale pale: "Bibi, haya uliyokwisha kunambia niyaweke au niyafute?" Akisema futa, unafuta, na unabakisha tu kwamba alikuwepo mtu mmoja aliyejitoa. Anayekimbilia maji na kusema njoo jioni hajajitoa, usimchanganye na huyu. Na anayenyamaza akikutazama tu huku sheha yupo, mimi humhesabu kuwa amekataa.

Katika ripoti niandike nini, bila kumchosha msomaji?

Kila jedwali liwe na idadi ya waliojibu swali hilo, si idadi ya waliohojiwa. Halafu aya moja kwenye mbinu. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi:

"Wakulima 120 walikubali kuhojiwa na wote walijibu sehemu ya kwanza. Swali la mauzo lilijibiwa na 88. Kati ya 32 ambao hawakulijibu, 25 wana kamba 40 au zaidi, na wengi wa hao waliondoka kwenda shambani maji yalipotoka. Wastani wa waliojibu ni shilingi 85,568. Tulipowapa wenye kamba nyingi na wenye kamba chache uzito wa idadi yao halisi ulikuwa 97,500. Kumi waliochaguliwa kwa kura kati ya wale 25 walifuatiliwa tena, na makadirio yetu ya mwisho ni 101,667. Saba wenye kamba chache hawakufuatiliwa. Tumechukulia kuwa mauzo yao ni kama ya wenzao."

Namba zote tatu zimo, hata ile isiyopendeza. Mwenye mradi atakuuliza "ipi ndiyo?" Mjibu ni 101,667, na mwoneshe kwa nini zile mbili nyingine ziko chini.

Mimi ni mwanafunzi, nina madodoso 40 tu na 9 ni nusu. Yote haya ni yangu?

Kujazia mara 20 achana nako, 40 ni wachache mno kwa dhana zake. Fanya mawili: linganisha wale 9 na 31 kwa ukurasa wa kwanza, kisha weka mipaka ya chini na juu kwa maswali ya ndiyo na hapana. Na kabla hujafika huko tazama mwezi. Kama uko kwenye siku za maji mafu na namba za simu unazo, pengine sita kati ya hao tisa utawakuta barazani leo jioni.